Mifuko 110 imetoka wapi? Kutafuta kosa pale jedwali la Excel linapobadilisha jumla baada ya kunakiliwa

Msimamizi wa depo tatu za unga wa mahindi mjini Lubumbashi, yaani Kenya, Katuba na Ruashi, anamwandikia mhasibu: «Papa, nimekutumia jedwali la mwezi wa tatu. Kwangu jumla ni mifuko 500. Niangalilie kama Katuba imezidi Kenya.» Mhasibu anafungua faili, anapata 610. Akiuliza Katuba peke yake, Excel inamjibu 70. Hakuna aliyeandika namba mbaya. Jedwali lilibadilika njiani, kati ya kunakili na kubandika.

Hatua zote hapa zinafuata Excel ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za ofisi za kwetu. Ukiwa na ya Kiingereza, SOMME ni SUM, SOUS.TOTAL ni SUBTOTAL, NBVAL ni COUNTA, NB.SI ni COUNTIF, SOMME.SI.ENS ni SUMIFS, na mara nyingi alama ya ; ndani ya fomula hugeuka koma. Tunaposema mstari, ni ule wa kulala wenye namba kushoto. Safu ni ile ya kusimama yenye herufi juu.

Jedwali lenyewe, likiwa wazi lote, ni hili:

```
    A        B       C         D
1   Depo     Tarehe  Hali      Mifuko
2   Kenya    03/03   Imefika   60
3            07/03   Imefika   45
4            12/03   Imefutwa  50
5            20/03   Imefika   55
6   Katuba   04/03   Imefika   70
7            11/03   Imefika   40
8            18/03   Imefutwa  30
9            25/03   Imefika   80
10  Ruashi   05/03   Imefika   65
11           13/03   Imefika   35
12           19/03   Imefika   50
13           27/03   Imefutwa  30
```

Kwenye skrini ya msimamizi, jina la kila depo limekaa katika seli moja kubwa iliyounganisha mistari minne. Mistari 4, 8 na 13, yaani mizigo iliyofutwa, haionekani. Chini, kwenye D14, kuna jumla.

Anza na tofauti, si na jumla

Kabla ya kugusa chochote, toa namba ndogo kwenye kubwa: 610 − 500 = 110. Kisha tafuta ni mistari gani ikijumlishwa inatoa 110. Hapa ni 50 + 30 + 30, mistari yote ya «Imefutwa». Tofauti ikilingana kamili na kundi moja la mistari, acha kutafuta kosa la kuandika. Kuna mistari ambayo mmoja wenu anaiona na mwingine haioni, au fomula ya mmoja inaihesabu na ya mwingine inairuka.

Kisha, kwenye faili la mtumaji, andika fomula hizi tatu mahali patupu, chini ya jedwali au juu yake. Usiziweke pembeni, zisije zikafichwa pamoja na mstari.

```
=NBVAL(D2:D13)
=SOUS.TOTAL(3;D2:D13)
=SOUS.TOTAL(103;D2:D13)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, zionekane zisionekane. Ya pili inaruka mistari iliyoondolewa na kichujio tu. Ya tatu inaruka pia ile iliyofichwa kwa mkono. Ukipata 12, 12, 9, mistari mitatu imefichwa kwa mkono. Ukipata 12, 9, 9, ni kichujio. Ukipata 12, 12, 12, hakuna kilichofichwa, na tatizo lako liko kwenye seli zilizounganishwa au kwenye fomula yenyewe. Kipimo hiki kinasomeka vizuri pale ambapo njia moja tu ya kuficha imetumika. Mtu akiwa amechuja, kisha akaficha mistari mingine kwa mkono juu yake, usikitegemee kutofautisha. Ondoa kichujio kwanza, halafu pima tena.

Jicho nalo linasaidia. Kichujio kikifanya kazi, namba za mistari upande wa kushoto hugeuka rangi ya buluu na kwenye kichwa cha safu panatokea alama ndogo ya faneli. Mistari ikifichwa kwa mkono, namba hubaki na rangi yake ya kawaida ila zinaruka: 3, kisha 5. Ukiona alama ndogo ya + kando ya namba, ni mistari iliyofungwa kwa kundi, nayo ihesabu kama iliyofichwa kwa mkono.

Dalili: aliyepokea ana jumla kubwa kuliko aliyetuma

Chanzo cha kawaida ni kuficha kwa mkono, yaani kubofya kulia kwenye namba ya mstari na kuchagua «Masquer». Mtu akichagua A1:D14, akanakili kwa Ctrl+C na kubandika kwenye faili jipya, Excel inachukua pia mistari iliyofichwa iliyo katikati. Urefu wa mstari hauhami pamoja na seli. Kwa hiyo mstari 8, uliokuwa na urefu wa sifuri kwa msimamizi, unafika kwa mhasibu ukiwa na urefu wa kawaida, na mifuko yake 30 inaonekana kama mzigo wowote mwingine.

Kitakachoandikwa kwenye D14 ya mhasibu kinategemea mambo mawili. Kama msimamizi alitumia

```
=SOUS.TOTAL(109;D2:D13)
```

kwake ilisoma 500. Ikibandikwa kama fomula kwenye faili ambako hakuna kilichofichwa, inajihesabu upya na kusoma 610. Ikibandikwa kama thamani tupu, inabaki 500 chini ya mistari ambayo ukiijumlisha inatoa 610. Hali ya pili inatisha kuitazama, lakini ndiyo bora, kwa sababu jedwali linajipinga lenyewe na mtu makini atauliza. Katika hali ya kwanza kila kitu kinakubaliana, na 610 inaonekana safi kabisa.

Kuna lahaja nyingine ya kosa hili inayoanzia kwa mtumaji mwenyewe. Watu wengi huficha mistari wakiamini kwamba SOMME itaiacha. Haiiachi. =SOMME(D2:D13) ni 610 hata mistari mitatu ikiwa imefichwa. =SOUS.TOTAL(9;D2:D13) nayo ni 610, kwa kuwa 9 inaruka kilichochujwa tu. Ni 109 peke yake, kati ya hizo tatu, inayosoma 500. Hapo msimamizi akijumlisha kwa kalukuleta kile anachokiona, anapata 500, halafu analaumu Excel.

Dawa ya haraka, kama kweli unataka kutuma kinachoonekana tu: chagua eneo, bonyeza Alt+; ili kubaki na seli zinazoonekana, ndipo unakili. Kwa menyu ni «Accueil», «Rechercher et sélectionner», «Sélectionner les cellules…», kisha «Cellules visibles seulement». Baada ya kubandika, hesabu mistari. Lazima iwe 9, bila kuhesabu kichwa na jumla. Ila soma sehemu inayofuata kabla ya kufurahi.

Dalili: aliyepokea ana jumla sahihi lakini hawezi kujibu swali

Ukinakili eneo lililochujwa, Excel huchukua mistari inayoonekana tu, hata bila Alt+;. Hii ndiyo tofauti kubwa na kuficha kwa mkono, na ndiyo inayowachanganya watu, maana kwenye skrini hali zote mbili zinafanana. Mhasibu anapokea mistari 9, jumla 500. Namba za mistari kwake zinafuatana 2 hadi 10 bila kuruka, hakuna faneli, hakuna buluu. Hakuna alama yoyote kwamba mingine mitatu iliwahi kuwapo.

Kwa swali la «ngapi zimefika» hakuna shida. Lakini msimamizi akiuliza «kwa nini Ruashi tuliahidiwa 180 tukapata 150?», mhasibu hana mstari wa 27/03 wenye mifuko 30 iliyofutwa. Atatafuta wizi mahali ambapo hapakuwa na wizi. Ukipokea jedwali ambalo safu ya hali ina neno moja tu kuanzia juu hadi chini, shuku kichujio. Mwezi mzima wa depo tatu bila mzigo hata mmoja uliofutwa au kuchelewa si kawaida.

Dalili: Katuba ni 70

Hapa kosa ni la seli zilizounganishwa, na linakaa hata pale ambapo hakuna mstari uliofichwa. Mtu akiunganisha A6:A9 kwa kitufe cha «Fusionner et centrer», neno Katuba hubaki kwenye A6 peke yake. A7, A8 na A9 ni tupu, hata kama jicho linaona jina moja kubwa likifunika mistari yote minne. Kwa hiyo

```
=SOMME.SI.ENS(D2:D13;A2:A13;"Katuba")
```

inapata mstari mmoja tu wenye jina hilo, na kujibu 70. Kenya inatoa 60, Ruashi 65. Jumla ya depo tatu inakuwa 195, wakati mifuko yote ni 610. Ukiona jumla za makundi hazifiki jumla kuu, na kila kundi linalingana kamili na mstari wake wa kwanza, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Kichujio nacho kinadanganywa vilevile. Chuja safu A kwa «Katuba», na mstari 6 tu ndio utakaobaki. Mistari mitatu mingine imehesabiwa kuwa tupu. Ukiinakili hali hiyo, umemtumia mwenzako mzigo mmoja kati ya minne.

Tena, seli zilizounganishwa hazisafiri vizuri. Ukibandika kwa njia ya kawaida, muungano unaenda nao. Ukibandika «Valeurs», unavunjika: jina linabaki juu na chini yake panakuwa na mashimo. Ukihifadhi kama CSV, mambo ni yaleyale:

```
Katuba;04/03;Imefika;70
;11/03;Imefika;40
;18/03;Imefutwa;30
;25/03;Imefika;80
```

Sasa fikiria mhasibu anapanga orodha hiyo kwa tarehe. Mistari isiyo na jina inatawanyika, na hakuna anayeweza tena kusema 40 ya tarehe 11 ni ya depo gani. Kabla ya kupanga, kosa linarekebishika kwa dakika mbili. Baada ya kupanga na kuhifadhi, limekwisha, unarudi kwa mtumaji kuomba faili la awali.

Kurekebisha, fuata mpangilio huu, kwa sababu kubadilisha mpangilio kunaleta makosa mapya. Fungua kwanza mistari yote: Ctrl+A mara mbili ili karatasi yote ichaguliwe, bofya kulia kwenye namba yoyote ya mstari, «Afficher». Kama kuna kichujio, nenda «Données», kisha «Effacer». Ndipo uchague A2:A13 na ubonyeze tena «Fusionner et centrer» ili muungano uvunjike. Ukiwa bado umechagua eneo hilo, bonyeza F5, «Cellules…», chagua «Cellules vides», OK. Excel inabaki na mashimo tu. Andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu mara moja, kisha Ctrl+Entrée, si Entrée peke yake. Kila shimo linachukua jina lililo juu yake.

Usiishie hapo. Mashimo sasa yana fomula zinazotazama seli ya juu, na ukipanga kwa tarehe zitatazama jirani mpya na kubadilisha majina kimyakimya. Chagua A2:A13, nakili, bandika palepale kwa «Collage spécial», «Valeurs». Halafu thibitisha:

```
=NB.SI(A2:A13;"Katuba")
```

Jibu liwe 4. Njia hii ina hatari moja: mstari ambao tangu mwanzo haukuwa na depo, labda mzigo uliokuwa bado njiani kutoka Kasumbalesa, nao utapewa jina la depo iliyo juu yake. Pitia mashimo kwa macho kabla ya Ctrl+Entrée.

Dalili: namba ilikuwa sawa, ikabadilika baada ya kufungua

Msimamizi ametuma faili zima, si kipande. Mhasibu anaona 500. Anabonyeza «Effacer» ili aone kila kitu, na D14 inaruka hadi 610. Hiyo ni SOUS.TOTAL(9;…) ikifanya kazi yake: inajumlisha kinachopita kwenye kichujio. Kichujio kikiondoka, swali ambalo fomula ilikuwa inajibu limeondoka nalo. Hakuna cha kutengeneza kwenye fomula, ila jumla kama hiyo haifai kunukuliwa kwenye barua au ripoti, kwa kuwa inategemea vitufe alivyoviacha mtu wa mwisho.

CSV inaleta jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Excel ikihifadhi CSV, inaandika mistari yote ya karatasi iliyo wazi, iliyochujwa na iliyofichwa pia, na karatasi nyingine za faili zinaachwa. Kwa hiyo kunakili eneo lililochujwa kunatoa mistari 9, na kuhifadhi karatasi hiyohiyo kama CSV kunatoa 12. Watu wawili ofisi moja, jedwali moja, njia mbili, majibu mawili.

Dalili: 530

Hii si 500 wala 610, na huwasumbua watu sana. Mtu ameweka mstari mtupu kati ya Katuba na Ruashi ili jedwali lipendeze. Akabofya ndani ya sehemu ya juu na kuwasha «Filtrer». Kichujio kiliishia kwenye mstari mtupu. Alipochagua «Imefika», Kenya ikabaki na 160, Katuba na 190, lakini Ruashi haikuguswa: 180 zote, pamoja na 30 zilizofutwa. 160 + 190 + 180 = 530.

Tazama namba za mistari. Za juu zina buluu, za Ruashi hazina. Zima kichujio, futa mstari mtupu, au chagua jedwali lote kwa kipanya kuanzia kichwa hadi mstari wa mwisho kabla ya kukiwasha tena.

Jinsi ya kutuma swali ili namba zisibadilike

Acha kuficha kama njia ya kuhesabu. Hali ya mzigo tayari ina safu yake, basi fomula isome safu hiyo:

```
=SOMME.SI.ENS(D2:D13;A2:A13;"Katuba";C2:C13;"Imefika")
```

Inatoa 190, kichujio kiwepo kisiwepo, mistari ifichwe isifichwe, mradi majina ya depo yamejazwa kwenye kila mstari. Badilisha jina na Kenya inatoa 160. Jibu la swali la msimamizi ni hilo: Katuba imezidi Kenya kwa mifuko 30. Kwa bahati mbaya tofauti ya 220 na 210, ukihesabu na zilizofutwa, ni 10. Yule aliyepewa jedwali lililofunuka angejibu «ndiyo, imezidi», neno sahihi, kwa kiasi kisicho sahihi, na hakuna ambaye angeshtuka.

Kama lazima ubaki na kichujio na muonekano wako, usinakili seli. Bofya kulia kwenye jina la karatasi chini, «Déplacer ou copier…», chagua faili jipya, weka alama kwenye «Créer une copie». Karatasi inaenda na vichujio vyake na mistari yake iliyofichwa. Kumbuka basi kwamba chochote ulichokificha, bei za ununuzi kwa mfano, kimeenda pia, na mpokeaji anakifungua kwa kubofya mara mbili tatu.

Kwenye ujumbe wenyewe andika namba tatu: mistari mingapi umetuma, mingapi imeachwa na kwa sababu gani, jumla unayoiona wewe. «Papa, mistari 12 yote iko wazi, 3 imefutwa, iliyofika ni 500.» Mhasibu akihesabu mistari 9, anajua kabla ya kujumlisha kwamba kitu kimebaki nyuma.

Na kama faili la awali liko kwenye kompyuta ya depo na msimamizi ana simu tu mkononi, mwombe apige picha ya skrini ikionyesha ukingo wa kushoto, pale penye namba za mistari. Picha iliyokatwa vizuri kuzunguka jedwali haina faida. Zile 3, 5, 6, 7, 9 za pembeni, na rangi yake, ndizo zinazoonyesha kilichofichwa na kwa njia gani.